Upande A, Upande B: jinsi ya kukata wimbo utoshe video, na waliotutangulia kwa kazi hiyo

Watu wanaotengeneza video za ruracio na harusi huku Ruiru na Thika hupenda kuniuliza swali moja: nina wimbo wa dakika sita na video ya dakika mbili na nusu, nifanyeje ili wimbo uishe pamoja na picha bila kusikika kama umekatwa kwa panga? Wengine wana shida ya kinyume, yaani video ni ndefu na wimbo unawaisha njiani.

Jibu la haraka ambalo wengi hutumia ni kufifisha sauti mwishoni. Unavuta ule mstari chini kwenye programu, wimbo unazama taratibu, kazi imekwisha. Hiyo si dhambi, lakini msikilizaji anajua kwamba wimbo haukuisha, umeondolewa tu. Leo nataka tuangalie njia nyingine, na tuifikie kwa kupitia historia, kwa sababu tatizo hili halikuanza na kompyuta. Limekuwepo hapa Kenya tangu enzi za santuri, na waliolipata kwanza walikuwa wanamuziki wenyewe.

Wimbo mmoja, pande mbili

Ukipata santuri ndogo za benga za miaka ya 1970, iwe ni za Wajaluo kama D.O. Misiani na Shirati Jazz au za Wakikuyu kama Joseph Kamaru, angalia karatasi ya katikati. Mara nyingi utaona jina moja pande zote mbili, upande mmoja umeandikwa Part 1 na mwingine Part 2. Si nyimbo mbili. Ni wimbo mmoja ambao haukutosha upande mmoja.

Sababu ni hesabu tu. Santuri hiyo ya inchi 7, iliyoletwa sokoni na kampuni ya RCA Victor mwaka 1949, huzunguka mara 45 kwa dakika. Wimbo wa dakika tatu na nusu unahitaji mizunguko kama 157 ya mfereji. Wimbo wa dakika tano unahitaji 225, na nafasi kwenye sahani ni ile ile. Ili mizunguko hiyo yote ienee, mifereji lazima isongamane, na mfereji uliosongwa hauwezi kuyumba kwa upana. Kuyumba huko ndiko sauti yenyewe, hasa sauti nzito ya besi. Kwa hiyo santuri yenye wimbo mrefu upande mmoja ilitoka na sauti ndogo. Nani angeinunua aipige baa, mahali ambapo santuri ya jirani inanguruma?

Sasa benga ilikuwa na umbo lake. Wimbo huanza kwa magitaa, mwimbaji anasimulia beti zake huku gitaa la kuongoza likimfuata na kumjibu, halafu maneno yanapungua na magitaa yanashika usukani kwa kasi hadi mwisho. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyowainua watu kucheza. Ukiikata wimbo umekufa, na ukikata beti hadithi imekufa. Suluhisho likawa kugawa: hadithi upande wa kwanza, hadithi kidogo na magitaa upande wa pili.

Mgawanyo ulifanywa kwa njia mbili, na ukiwa na santuri zenyewe unaweza kuzitambua kwa masikio. Katika njia ya kwanza bendi ilipiga wimbo wote mfululizo, kisha upande A ukafifishwa na upande B ukachukua pale karibu. Katika njia ya pili bendi ilisimama kabisa mwisho wa upande A, kisha ikaanza tena upande B kwa kurudia mlango wa magitaa. Kwa mkataji wa leo tofauti hii ni muhimu sana. Njia ya kwanza inakuachia mwisho mmoja tu wa kweli, ule wa upande B. Njia ya pili inakupa miisho miwili na mianzo miwili, na hiyo ni mali.

Wembe na utepe

Kabla hatujafika kwenye kompyuta tupite studio ya utepe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, mashine za utepe za Ampex zilipoenea, kuhariri muziki kulikuwa kazi ya wembe. Utepe ulipita kwenye kichwa cha kusoma kwa kasi ya sentimita 38 kwa sekunde. Maana yake pigo moja la nusu sekunde ni kipande cha sentimita 19 unachoweza kukishika mkononi. Fundi aliusukuma utepe kwa mkono mbele na nyuma, polepole, mpaka asikie mwanzo wa pigo la ngoma, akatia alama kwa kalamu, akakata, akaunganisha na kipande kingine kwa utepe maalumu wenye gundi.

Jambo la kujifunza kwake ni kwamba hakukata wima. Alikata kwa mshazari, kwenye kibao chenye mfereji wa nyuzi 45. Utepe una upana wa milimita 6.35, kwa hiyo mkato wa mshazari unachukua milimita 6.35 za urefu. Gawa kwa kasi ya utepe utapata kama milisekunde 17. Kwa muda huo mfupi sauti ya zamani inapungua huku mpya ikiongezeka. Kwa nini alijisumbua? Kwa sababu ukikata wima, wimbi la sauti linaruka ghafla kutoka kimo kimoja hadi kingine, na mruko huo unasikika kama "tik".

Programu zetu za leo zimerithi mshazari ule. Ukifungua Audacity, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2000, na kupishanisha vipande viwili vya sauti kwa milisekunde 20, unafanya kile kile alichofanya fundi wa wembe, isipokuwa vidole vyako haviko hatarini.

Kuvuta kama mpira

Njia nyingine ni kuuvuta wimbo kama mpira, urefuke au ufupike bila kubadilika sauti. Msingi wake ulichapishwa mwaka 1966 na James Flanagan na Roger Golden wa maabara ya Bell, Marekani, ambao walikuwa wanashughulikia sauti za simu. Wazo ni kuivunja sauti katika masafa mengi madogo, kisha kuyajenga upya kwa mwendo tofauti. Leo kila programu ya video ina kitufe cha namna hiyo.

Kitufe hiki kina mipaka. Sauti ya mtu anayevuta irabu inavutika vizuri. Pigo la ngoma halivutiki, kwa sababu ni tukio la papo hapo. Ukilivuta linachanuka, linakuwa "pfaa" badala ya "pa". Katika benga, ambayo nyuzi za gitaa zinadonolewa kwa ncha kali, uharibifu unaanza kusikika mapema. Mimi sivuki asilimia 3. Kuutoa wimbo dakika sita na kuuleta mbili na nusu kwa kuuvuta hakuwezekani hata kidogo. Kitufe hiki ni cha kumalizia nusu sekunde iliyobaki, si cha kubeba kazi nzima.

Kazi yenyewe: dakika 2 na sekunde 24

Sasa twende kazini. Nichukue mfano wa kazi moja niliyofanya. Jamaa wa Ruiru alikuwa na video fupi ya ruracio, sekunde 144 kamili, picha 25 kwa sekunde. Picha ya mwisho ilikuwa ya wenyeji wakipunga mikono kando ya maporomoko ya Chania pale Thika. Familia ilitaka wimbo wa benga wa zamani wa Kikuyu, na walikuwa na santuri yenyewe, pande mbili. Siutaji wimbo, na namba nimezisawazisha kidogo ili hesabu ifuatike, lakini mpangilio ni ule ule.

Upande A ulikuwa na mlango wa magitaa wa sekunde 16, kisha beti za sekunde 32 kila moja, na mwishoni unafifia. Upande B ulianza upya kwa magitaa, ukaingia ubeti mmoja wa salamu, halafu magitaa matupu hadi bendi inasimama kwa pamoja. Huo ndio mwisho wa kweli.

Hatua ya kwanza ilikuwa kulinganisha pande hizo mbili. Niliweka kipima sauti cha gitaa kwenye noti ile ile ya besi nikakuta upande B uko juu kidogo, senti 19, yaani karibu sehemu moja ya tano ya nusu-toni. Hii ni kawaida. Mashine ya kuchezea ikizunguka mara 45.5 badala ya 45 unapata tofauti hiyo hasa. Ukisikiliza upande mmoja peke yake hujui, lakini ukiziunganisha gitaa linasikika limetoka tuni ghafla. Dawa ni kupunguza mwendo wa upande B wote:

```
sox upande-b.wav b.wav speed 0.989
```

Hili lifanywe kabla ya kupima chochote kingine, maana linabadilisha urefu pia.

Hatua ya pili ni kuhesabu mapigo. Mapigo manne hufanya kipimo kimoja, wanamuziki huita baa. Upande A ulienda mapigo 120 kwa dakika, kwa hiyo baa ni sekunde 2. Sehemu ya magitaa ya upande B ilifika 125, baa sekunde 1.92. Usishangae. Hakuna aliyekuwa na mashine ya kuhesabu masikioni. Bendi ilipasha moto na kasi ikapanda, na huo ndio utamu wake. Lakini kwetu ina maana kwamba huwezi kuchukua baa ya mwanzo wa wimbo na kuichomeka katikati ya mwisho. Utasikia wimbo unajikwaa.

Hatua ya tatu ndiyo siri yenyewe: anza na mwisho. Wengi huweka wimbo tangu sekunde sifuri, wakifika mwisho wa video wanatafuta pa kukata. Fanya kinyume. Nilichukua mwisho wa upande B, baa 24 za magitaa yasiyo na maneno pamoja na sekunde 3 za mlio wa mwisho unaokufa, nikauweka ili mlio uishe pamoja na picha. Mwisho huo haukuguswa tena.

Kisha nikaweka mwanzo: mlango wa magitaa na beti mbili za kwanza za upande A, jumla sekunde 80. Kwa nini beti mbili na si ubeti wa kwanza na wa tatu? Kwa sababu ubeti wa kwanza unauliza swali na wa pili unalijibu. Hapa kompyuta haikusaidii, lazima uelewe lugha au umuulize anayeielewa. Nimewahi kuona video ya harusi, Thika hiyo hiyo, mkataji amebakiza mzaha wa mwimbaji juu ya mkwe na kuondoa sentensi iliyokuwa inautengua. Mapigo yalikuwa yamekaa sawasawa kabisa. Wazee ndio hawakukaa sawasawa.

Sasa katikati. Mwanzo ni sekunde 80, mwisho ni 46.08 na 3, jumla 129.08. Zinapungua karibu 15. Magitaa ya upande B yanajirudia kila baa nne, yaani kila sekunde 7.68. Tunahitaji mizunguko mingapi ya ziada?

```python
lengo = 144.0
mwanzo, mwisho, mzunguko = 80.0, 46.08 + 3.0, 7.68
n = round((lengo - mwanzo - mwisho) / mzunguko)
ziada = mwanzo + mwisho + n * mzunguko - lengo
print(n, round(ziada, 2))
```

Jibu ni mizunguko 2, na wimbo unazidi video kwa sekunde 0.44. Ziada hiyo sikuifuta kwenye muziki. Sekunde 0.44 ni picha 11 kwenye video ya picha 25 kwa sekunde, kwa hiyo nilirefusha ile picha ya maporomoko kwa picha 11. Hakuna mtu duniani atakayeziona. Kumbuka hili: ni rahisi kusogeza picha kidogo kuliko kuvunja baa.

Mizunguko miwili ya kurudia nayo inahitaji kuchaguliwa. Ndani ya baa 24 kulikuwa na mahali ambapo mwimbaji anapiga kelele ya kuwachangamsha wapigaji. Ukirudia kipande chenye kelele ile, sikio linaikamata mara moja, "mbona amesema tena vile vile?" Gitaa linaloviringika linasamehewa. Sauti ya mtu haisamehewi. Nikachukua baa nane zisizo na kelele yoyote, nikazirudia mara moja.

Pale vipande vinapokutana

Kuna viungo viwili hapa: pale upande A unapoingia kwenye magitaa ya B, na pale baa nane zinaporudia. Kanuni ya mkato ni kwamba kipande kipya kianze na pigo lake zima. Ukikata katikati ya pigo la ngoma, hata kwa mpishano mzuri, unasikia pigo lenye pua iliyokatwa. Kwa hiyo kipande cha kwanza nilikiishia sekunde ya 80 kamili, na cha pili nikakianza milisekunde 20 kabla ya pigo lake la kwanza. Kisha:

```
ffmpeg -i kwanza.wav -i pili.wav -filter_complex "acrossfade=d=0.02" wimbo.wav
```

Zile milisekunde 20 zinapishana kabla tu ya pigo, pigo lenyewe linakuja na kuufunika mshono, na mdundo hausogei. Ukisahau kuziacha hizo 20, programu itazila kutoka kwenye wimbo na pigo litawahi. Inaonekana ni kidogo, lakini ukiwa na viungo vitano umeshapoteza sehemu ya kumi ya sekunde.

Kiungo cha kwanza kina mruko wa kasi, kutoka mapigo 120 hadi 125. Niliuacha. Sikio linakubali kasi kubadilika kwenye mlango wa sehemu mpya, hasa pale gitaa linapoita, kwa sababu hata bendi yenyewe huongeza moto hapo. Mruko huo huo ukiuweka katikati ya ubeti ni aibu.

Kilichonisumbua zaidi ni mambo mawili madogo. La kwanza ni kwamba mwimbaji alikuwa ameanza neno la ubeti wa tatu kabla ya pigo la kwanza, kama waimbaji wengi wanavyofanya, kwa hiyo mwisho wa kipande changu ulibeba nusu silabi. Ilibidi nitafute mwisho wa ubeti huo huo mahali pengine ambapo hakuna anayeanza neno, nikabadilisha baa ile ya mwisho peke yake. La pili ni mchakato wa santuri, ile "shhh" ya vumbi. Upande A ulikuwa umechezwa zaidi, mchakato wake ni mkubwa. Wakati wa muziki hausikiki, lakini mwishoni, mlio unapokufa, unabaki mchakato peke yake, na ukiukata ghafla chumba kinaonekana kimefungwa mlango. Sekunde ya mwisho, hiyo peke yake, niliififisha. Kwa hiyo ndiyo, kufifisha kuna kazi yake, ila ni kufifisha vumbi, si wimbo.

Jaribio la mwisho ni rahisi. Anza kusikiliza sekunde kumi kabla ya kiungo, fumba macho, piga makofi na mdundo. Makofi yakiyumba, kiungo ni kibovu. Halafu mpe mtu ambaye hajui umekata wapi, na umtazame uso, usimuulize.

Shosho na upande B

Kazi ilipokelewa vizuri, isipokuwa shosho wa familia alisikiliza hadi mwisho akauliza, "Na salamu ziko wapi?" Ubeti wa upande B, ule nilioupita, ulikuwa unasalimia watu kwa majina, na ndio sababu santuri hiyo ilinunuliwa nyumbani kwao. Kwa sekunde 144 haukuwa na nafasi. Lakini kulikuwa na video ndefu pia, ya picha zote za siku ile, na hiyo ilihitaji wimbo urefuke.

Hapa kazi ilikuwa kuurudishia wimbo umoja wake. Upande A unaanza kufifia sekunde ya 185, na mzunguko wa magitaa unafunga sekunde ya 184. Nikakata 184, kabla ya kufifia, nikaunganisha na mwanzo wa upande B wa sekunde 200. Jumla dakika 6 na sekunde 24, mfululizo, kama bendi ilivyokusudia kabla santuri haijawakatiza. Kiungo hicho ndicho kilikuwa rahisi kuliko vyote, kwa sababu aliyepanga wapi wimbo uvunjwe alikuwa mwanamuziki, naye aliuvunjia mahali unapopumua.

Mashine inayojikatia

Mtauliza, hakuna programu ya kufanya haya? Ipo. Mwezi wa Novemba 2012, Paul Lamere wa kampuni ya Echo Nest alitengeneza Infinite Jukebox, ukurasa uliokuwa unachukua wimbo, unaupasua pigo kwa pigo, na kulinganisha kila pigo na mengine yote. Mapigo mawili yakifanana sana, ukurasa uliweza kuruka kutoka moja hadi jingine, na wimbo ukaendelea bila kikomo. Wazo hilo hilo, ukiliongezea sharti la kufika mwisho kwa muda fulani, linakuwa tatizo la kutafuta njia kwenye ramani: kila pigo ni kituo, kila mfanano ni barabara, na gharama ni jinsi mruko unavyosikika. Adobe waliweka kitufe cha Remix kwenye Audition mwaka 2015, na kwenye Premiere Pro mwaka 2022. Unaandika muda unaotaka, inajikatia.

Nimeijaribu kwenye benga. Kwa magitaa matupu inafanya vizuri. Kwa beti inapotea, na sababu inaeleweka. Magitaa ya benga yanajirudia sana, kwa hiyo mashine inaona barabara kila mahali, hata katikati ya sentensi. Inapima noti na rangi ya sauti. Haipimi kwamba Kikuyu kimekatwa nusu. Dawa ni kuikatia wewe kwanza: mpe sehemu ya magitaa peke yake iirefushe au iifupishe, na beti uziweke kwa mkono.

Neno la mwisho ni la haki. Kukata wimbo hakuufanyi kuwa wako. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 32, inampa mtunzi haki ya kupinga kazi yake kuharibiwa au kupotoshwa, na ruhusa ya kuutumia kwenye video ya kibiashara ni jambo jingine juu ya hilo. Pia kuna faida ya kutafuta wenye wimbo. Kamaru alifariki mwaka 2018, na mjukuu wake, anayejulikana kama KMRU, amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake kupitia Bandcamp. Faili la namna hiyo linakupunguzia vumbi, na pesa zinafika nyumbani kwa mwenyewe.

Kwa hiyo ukipata santuri yenye Part 1 na Part 2, cheza pande zote mbili kabla ya kugusa kitu chochote, na andika kwenye karatasi sekunde ambapo magitaa yanafunga mzunguko. Ukishakuwa na orodha hiyo, kukata ni dakika ishirini. Nikipata nafasi nitawaandikia ile programu ndogo ninayotumia kutafuta mizunguko hiyo. Mwenye swali aulize. Tukutane tena.